Kilo Moja ya Maharage Makavu Huwa Kilo Ngapi Chunguni?

Leo tunaingia jikoni, lakini hatuendi kuzungumzia viungo. Tunakwenda na mizani. Kuna hesabu moja inayowatatiza wapishi wa shule, kamati za harusi na misiba, mama lishe, na hata mtu anayepikia watu watano tu nyumbani kwake. Umenunua maharage makavu kilo 1. Ukayachagua, ukayaloweka, ukayapika mpaka yakaiva. Je, utapakua kilo ngapi?

Nianze na jibu, halafu tulifungue taratibu. Maharage makavu kilo 1 yakilala ndani ya maji usiku kucha, asubuhi ukiyachuja na kuyapima utakuta yamekaribia kilo 2. Ukiyapika mpaka yakaiva vizuri, ukayachuja tena mchuzi, utapata kama kilo 2 na nusu. Huenda yakawa kilo 2 na robo, huenda yakapita kidogo kilo 2 na nusu, lakini kilo 3 za maharage yaliyochujwa, hapana. Akikuambia mtu kwamba kilo yake moja ilitoa kilo 3, basi amepima pamoja na mchuzi. Hilo si kosa, maana mchuzi nao unaliwa, ila inabidi aseme hivyo ili mwenzake asije akanunua pungufu.

Sasa hiyo kilo 1 na nusu iliyoongezeka imetoka wapi? Ni maji matupu. Maharage yaliyokaushwa vizuri yana maji kidogo sana ndani yake, kiasi cha gramu 120 katika kila kilo. Gramu 880 zinazobaki ndiyo maharage yenyewe: wanga, protini, nyuzinyuzi, madini na mafuta kidogo. Yakishaiva, theluthi mbili ya uzito wake huwa ni maji. Zile gramu 880 bado zimo, isipokuwa kiasi kidogo kilichoyeyuka na kuingia katika maji ya kulowekea na katika mchuzi. Kwa hiyo ukishika bakuli la maharage yaliyoiva ukaliona zito, ujue kwamba sehemu kubwa ya uzito huo umeuteka bombani.

Tuiangalie punje yenyewe. Chukua punje moja kavu uitazame upande ule wenye kidoa kidogo kama jicho. Hapo ndipo ilipokuwa imeshikana na ganda la mmea shambani. Ganda la nje la punje ni gumu na halipitishi maji kirahisi, kwa hiyo maji huanza kuingilia hapo kwenye jicho na pembeni yake. Ukiloweka, ukarudi baada ya muda mfupi, utaona kitu ambacho huwashtua wapishi wageni: punje zimekunjamana, zimejaa mikunjo. Wengine hudhani zimeharibika. Hazijaharibika. Ganda limekwisha kunywa maji na kutanuka, lakini nyama ya ndani bado haijapata ya kutosha kulijaza. Ukiziacha, saa chache baadaye nyama ya ndani hujaa, ganda hunyooka, na punje huwa nene na laini kuitazama.

Hiyo mikunjo ndiyo kipimo chako cha kwanza. Ikiwa asubuhi punje nyingi bado zimekunjamana, hazijamaliza kunywa. Kipimo cha pili ni kisu. Pasua punje katikati, ufungue zile pande mbili. Kama katikati kuna sehemu iliyobonyea, nyeupe zaidi na kavu, maji hayajafika. Kama rangi ni moja kutoka ganda mpaka katikati, imetosha, na hata ukiiacha mpaka jioni haitaongezeka uzito wa maana. Punje ina mwisho wake wa kunywa maji, na kwa maharage mengi mwisho huo ni pale yanapokuwa yameongeza uzito sawa na ule yaliokuwa nao makavu.

Muda wa kufika hapo hutegemea sana joto la maji. Mtu wa Tanga au Mombasa, ambako usiku ni wa joto, maharage yake hunywa haraka kuliko ya mtu wa Njombe au Limuru wakati wa baridi. Kwa kawaida saa 8 mpaka 12 zinatosha. Wa pwani aangalie asipitilize, kwa sababu maji yenye joto huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Wa nyanda za baridi akiona asubuhi bado, aongeze maji ya uvuguvugu, asikate tamaa. Na aliyesahau kuloweka ana njia ya mkato: achemshe maharage kwa dakika 2, aepue, afunike na kuyaacha kwa saa 1. Yatakuwa yamekunywa sehemu kubwa ya maji ambayo yangekunywa usiku mzima.

Tufike jikoni. Umechuja maji ya kulowekea, una kilo 2 za maharage yaliyojaa. Unayatia maji mapya na kuyabandika. Hapa ndipo inapoongezeka ile nusu kilo ya mwisho, na sababu yake ni tofauti na ile ya usiku. Usiku maji yalikuwa yanajaza nafasi tu. Motoni, wanga uliomo ndani ya punje unapopata joto hufunguka na kuvimba, ukayashika maji mengi zaidi. Wakati huohuo ile gundi ya asili inayoshikanisha nyama ya punje hulegea, ndiyo maana punje iliyoiva husagika kati ya vidole viwili bila kubaki chenga. Kuongezeka uzito na kuiva, kwa hiyo, ni mambo mawili. Punje inaweza ikawa imekwisha kunywa maji yake yote, uzito umefika, na bado ikawa ngumu. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu kuni.

Kabla ya hapo nijibu swali ambalo nimelisikia katika jiko zaidi ya moja: je, ukiloweka, maharage yanakuwa mengi kuliko ukipika makavu moja kwa moja? Hapana. Ukichukua kilo 1 ukailoweka na kilo nyingine ya gunia lilelile ukaibandika kavu, zote zikiiva sawasawa, mizani itakuonyesha karibu uzito uleule. Tofauti ni mahali yalipopatikana maji. Yaliyolowekwa yamekunywa lita 1 usiku bila gharama, kisha nusu lita motoni. Yasiyolowekwa yatakunywa yote lita 1 na nusu motoni, na wakati yanakunywa, mkaa unaungua na maji mengine yanapaa na mvuke. Ndiyo sababu mpishi asiyeloweka hushangaa sufuria ikikauka mara kwa mara. Kuloweka hakukuongezei chakula. Kunakupunguzia muda wa jikoni, na yale maji ya kwanza unayoyamwaga huondoka na sehemu ya sukari zinazojaza watu gesi tumboni.

Sasa tuifanyie kazi namba yetu. Tuchukue shule yenye wanafunzi 240 wanaokula mchana ugali na maharage. Mpishi mkuu ni mama mtu mzima, mtunza stoo ni kijana aliyeajiriwa karibuni. Shule imepanga kila mwanafunzi apate gramu 150 za maharage yaliyoiva, mbali na mchuzi. Ni kama kijiko kikubwa cha kupakulia kilichojaa vizuri.

Kijana anapiga hesabu: wanafunzi 240 mara gramu 150 ni kilo 36. Anafungua stoo, anapima kilo 36 za maharage makavu.

"Shikamoo mama. Maharage ya kesho haya hapa, kilo 36."

"Marahaba mwanangu. Hizo rudisha. Ukizipika zote tutalisha na kijiji."

Mama yuko sahihi. Zile kilo 36 ni za sahani, si za gunia. Kilo 36 makavu zingetoa kilo 90 za maharage yaliyoiva, na kama sufuria ingezimudu, kila mtoto angepewa gramu 375. Hesabu yenyewe ni hii: chukua uzito unaotaka kupakua, ugawe kwa 2 na nusu. Kilo 36 ukigawa kwa 2 na nusu unapata kilo 14 na gramu 400. Hizo ndizo za kuloweka. Lakini gunia halina maharage matupu. Kuna vijiwe, kuna udongo, kuna punje zilizobunguliwa na fukusi, kuna vipande. Ukikadiria kwamba katika kuchagua utatupa gramu 40 katika kila kilo, utahitaji kutoa stoo kilo 15 kamili. Mwandikie kijana katika daftari: kilo 15 zimetoka, kilo 14 na gramu 400 zimeingia chomboni.

Kosa la pili ni la upande wa pili, nalo huwaumiza walaji. Ni la yule anayesema maharage huongezeka mara tatu. Yeye angegawa kilo 36 kwa 3, akatoa kilo 12. Kilo 12 zingempa kilo 30 za maharage yaliyoiva. Watoto 240 wangepata gramu 125 kila mmoja, au, kama inavyotokea kwenye foleni, wa mwanzo wangepata gramu 150 zao na watoto 40 wa mwisho wangekuta mchuzi. Mpishi angelaumiwa kwamba ameiba, kumbe tatizo lilianzia kwenye kalamu.

Tukiwa hapohapo, tuangalie vyombo, maana ujazo nao una hesabu yake. Lita 1 ya maharage makavu ina uzito wa gramu 800 hivi. Zile kilo 14 na gramu 400 zitajaza kama lita 18, karibu debe moja. Ukiona zimeingia kwenye debe moja unaweza kudanganyika ukayaloweka kwenye ndoo ya lita 20. Usiku yatapanda, yatafika ukingoni, na punje za juu zitabaki nje ya maji, kavu. Asubuhi utakuwa na maharage ya namna mbili katika chombo kimoja, na ukiyapika pamoja mengine yatapasuka kabla mengine hayajalainika. Kwa kila kilo 1 ya maharage tia maji lita 3. Lita 1 itanyweka, lita 2 zitabaki juu yake, na hakuna punje itakayokosa. Kwa shule yetu, hiyo ni maji lita 43 pamoja na maharage yenyewe. Gawa katika vyombo vinne vya lita 20, au tumia pipa safi la chakula.

Sasa nitoke stoo niende kwenye lishe, kwa sababu hapa watu wenye nia njema kabisa hudanganyana. Utasoma kwenye jedwali la chakula kwamba maharage yana protini gramu 22 katika kila gramu 100. Ni kweli, lakini ni maharage makavu. Hakuna anayekula maharage makavu. Zile gramu 22 ukishazipika zimetawanyika katika gramu 250, kwa hiyo gramu 100 za maharage yaliyoiva zina protini kiasi cha gramu 9 hivi. Haikupotea. Imeongezewa maji.

Rudi kwa mtoto wetu mwenye gramu 150 kwenye sahani. Anayesoma safu ya makavu atasema mtoto amepata protini gramu 33. Ukweli ni kwamba gramu 150 hizo zimetokana na gramu 60 za maharage makavu, na protini yake ni kama gramu 13. Tofauti ya 33 na 13 si ndogo hata kidogo. Ni tofauti inayoweza kumfanya mwenye shule aamini kwamba watoto wameshiba protini kwa siku nzima, aondoe maziwa, aondoe dagaa, na karatasi yake imwambie mambo yako sawa. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kisukari anayepimiwa chakula, au mama anayefuatilia madini ya chuma kwa mtoto wake. Kabla hujasoma namba yoyote kuhusu maharage, tafuta kwanza neno moja pembeni yake: makavu, au yaliyopikwa. Kama halipo, angalia protini. Ikiwa ni 20 na zaidi, wanazungumzia makavu. Ikiwa ni 8 au 9, wanazungumzia yaliyoiva.

Mambo haya yanawahusu pia wanaonunua maharage ya kopo mijini. Kopo la gramu 400 ukilichuja hubakiza kama gramu 240 za maharage yaliyoiva. Gawa kwa 2 na nusu, utaona umenunua maharage makavu yasiyofika gramu 100. Linganisha bei yake na bei ya kilo sokoni, uamue mwenyewe.

Sasa turudi kwenye jambo nililoahidi. Nimesema mara 2 baada ya kuloweka na mara 2 na nusu baada ya kupika. Namba hizi zikikataa, maharage yanakuambia kitu kuhusu historia yake.

Kwanza, huenda hayakuwa makavu. Wakati wa mavuno sokoni huingia maharage ambayo hayajaanikwa ya kutosha. Yanang'aa, yanapendeza, lakini kilo yake ina maji mengi tayari. Tuseme yana gramu 160 za maji badala ya 120. Maana yake umenunua gramu 840 za maharage, si 880. Kwa kilo moja hutaona kitu. Kwa gunia la kilo 100, ukilianika mpaka likakauka sawasawa, litapungua kilo 4 na nusu, na umezilipia. Na hata yakiwa sufuriani hayataongezeka mara 2 na nusu, kwa sababu sehemu ya maji uliyotarajia kuyatia ulishayanunua. Kuna jaribio rahisi la wakulima: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia maharage kiasi cha theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, uache robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, maharage bado yana unyevu. Isipogandamana, nunua. Ukifika kwenye maharage mabichi kabisa, yale ya kumenya, hesabu inabadilika moja kwa moja. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo yakiiva huongezeka kidogo tu. Usiyapimie kwa kipimo cha makavu, utapunja watu.

Pili, huenda ganda limekataa maji. Maharage yaliyokaa mahali pakavu mno huweza kufunga ganda kabisa. Asubuhi utaona punje nyingi zimenenepa, lakini katikati yake zimo zilizobaki ndogo, zinang'aa, na ukizidondosha kwenye bakuli zinalia kama jana. Jaribio lake ni hili: chukua gramu 100, loweka usiku kucha, chuja, kausha kwa kitambaa, pima. Zikifika karibu na gramu 200, salama. Zikiishia gramu 180, takribani punje 20 katika kila 100 hazikunywa maji hata kidogo. Ukipika gunia hilo bila kujua, utapata sufuria ambayo punje nyingi ni laini na nyingine zinavunja meno. Dawa yake ni kuongeza muda wa kuloweka kwa maji ya uvuguvugu, au kuanza na ile njia ya kuchemsha dakika 2.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, maharage yanaweza kunywa maji vizuri, yakafika mara 2 bila shida, na bado yakakataa kuiva. Hayo ni maharage yaliyokaa muda mrefu katika stoo yenye joto na unyevunyevu, hasa chini ya bati, hasa pwani na maeneo ya ziwa. Ile gundi inayoshikanisha nyama ya punje, katika hali hiyo, hujifunga na madini ya kalsiamu ikawa haiyeyuki tena kirahisi. Mizani haiwezi kukuonya hapa. Jaribio lake ni la moto: pika kikombe kimoja kabla hujanunua gunia zima. Maharage mapya ya msimu, kama kablanketi ya nyanda za juu kusini, husifiwa kwa kuiva upesi, lakini kablanketi hiyohiyo ikikaa vibaya miezi mingi itakusumbua kama nyingine yoyote.

Watu wengi wanapofika hapo hukimbilia magadi. Magadi yanalainisha, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Afadhali chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea, na subira. Na kuna kitu kimoja kinachochelewesha hata maharage mazuri: uchachu. Nyanya, ndimu, ukwaju, vikitiwa mapema huizuia ile gundi kulegea. Pika maharage kwanza yaive, halafu ndipo uunge kwa nyanya na tui.

Kuna namna moja ambayo uzito hupungua bila kosa la maharage, nayo ni kupitiliza moto. Punje zikipasuka, nyama yake hutoka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Ukichuja na kupima, utapata labda kilo 2 na robo tu kutoka kwenye kilo 1. Usidhani umeibiwa. Chakula kiko kwenye mchuzi. Ndiyo maana anayetaka kulinganisha gunia na gunia, au mpishi na mpishi, aandike mambo mawili: uzito wa maharage yaliyochujwa, na mchuzi ulikuwa mwepesi au mzito.

Neno moja la usalama, na hili nalisema kwa uzito wote. Punje iliyojaa maji inaonekana kama imeiva. Imenenepa, inapasuka kwa ukucha, uzito umefika. Lakini maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, na kuloweka peke yake hakuiondoi. Punje chache ambazo hazijaiva zinaweza kumtapisha mtu vibaya ndani ya saa chache. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka kwa nguvu, yanayobubujika, kwa dakika 10 au zaidi mwanzoni. Moto hafifu wa mkaa unaofukuta usiku kucha bila sufuria kuchemka hautoshi hata kama asubuhi maharage ni laini. Kwa hiyo mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, washa moto mkali kwanza, sufuria ichemke hasa, ndipo uupunguze.

Wewe unayepikia shule, hospitali au shughuli, nakuomba jambo moja wiki hii. Utakapofungua gunia jipya, pima kilo 1 kabla hujaloweka, pima tena asubuhi baada ya kuchuja, pima mara ya tatu yakiiva. Andika namba hizo tatu kwenye daftari la stoo, pamoja na tarehe na soko ulilonunua. Gunia linalofuata ufanye hivyohivyo, na mwenye kukuuzia akikuletea maharage yasiyofika, muonyeshe daftari kabla hujamlipa.